Snepshoti Iliyosahaulika Ndiyo Inayoichelewesha Seva

Fundi wa TEHAMA akitaka kusasisha programu kwenye seva, siku hizi huanza kwa kuchukua snepshoti. Anaandika amri moja, amri inamaliza kazi yake kabla hajapepesa macho mara mbili, kisha anaendelea na shughuli akiwa na moyo mkunjufu: mambo yakiharibika atarudi pale alipokuwa. Diski ya seva hiyo ina gigabaiti 200. Ni wachache wanaojiuliza gigabaiti 200 zimenakiliwaje kwa sekunde mbili.

Hazikunakiliwa. Hakuna hata baiti moja ya data ya seva iliyohamishwa. Humo ndimo ulimo uzuri wote wa snepshoti, na humo ndimo yanamotoka matatizo yake.

Tuanze na seva yenyewe. Seva nyingi za leo hazina mwili wao wenyewe. Kompyuta moja kubwa, inayoitwa mwenyeji, hubeba ndani yake kompyuta pepe kadhaa, na kila moja huitwa mgeni. Mgeni ana mfumo wake wa uendeshaji, anwani yake ya mtandao na diski yake, wala hana habari kwamba diski hiyo ni faili tu iliyokaa kwenye diski ya mwenyeji. Kazi hii hufanywa na programu kama VMware na Hyper-V, na kwenye Linux hufanywa na KVM ikishirikiana na QEMU. Nitashikamana na hii ya Linux kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu kila inachokifanya unaweza kukifuata kwa macho, faili kwa faili. Kwingineko majina hubadilika lakini mwenendo ni uleule.

Tuchukue mfano wa seva ya uhasibu ya shule ya sekondari ya bweni. Ndani yake mna hifadhidata ya karo, mishahara na manunuzi ya jikoni. Mgeni huyu tumwite `hesabu`, na diski yake ni faili moja iitwayo `hesabu.qcow2`.

Faili ya aina hiyo imegawanywa katika vipande vya kilobaiti 64, ambavyo mafundi huviita klasta. Ndani ya faili mna jedwali linalosema kila klasta imekaa wapi. Mgeni akiomba kusoma sehemu fulani ya diski yake, QEMU hutazama kwanza jedwali, hupata mahali klasta ilipo, kisha huenda kuisoma. Kila klasta hutengewa baiti 8 kwenye jedwali. Diski ya gigabaiti 200 ina klasta zaidi ya milioni 3, kwa hiyo jedwali lake likijaa hufika megabaiti 25. Si kubwa, linaenea vizuri kwenye kumbukumbu ya mwenyeji, na hilo lina maana kubwa kama tutakavyoona.

Sasa fundi anachukua snepshoti:

```
virsh snapshot-create-as hesabu kabla-ya-sasisho \
  --disk-only --atomic --quiesce
```

Kinachotokea ni hiki. QEMU inaunda faili mpya, `hesabu.kabla-ya-sasisho`, ambayo haina data yoyote ila jedwali tupu na mstari mmoja unaosema: nyuma yangu iko `hesabu.qcow2`. Faili hiyo inapozaliwa huwa na kilobaiti mia mbili hivi. Kuanzia hapo faili ya zamani inafungwa, haiandikwi tena, husomwa tu. Kila mgeni anachoandika kinaingia kwenye faili mpya.

Ndiyo maana inachukua sekunde mbili. Pia ndiyo maana jina la snepshoti huwapotosha watu: faili iliyobeba jina la `kabla-ya-sasisho` haina chochote cha kabla ya sasisho. Cha kabla kiko kwenye faili ya zamani, na hiyo mpya inakusanya yote yanayotokea baadaye. Nimeshuhudia fundi akiifuta faili mpya akidhani anafuta nakala ya zamani, kumbe anafuta kazi ya wiki nzima.

Mfano unaonisaidia kuieleza ni ramani ya nyumba ya msanifu majengo. Msanifu hafuti ramani ya awali. Huitandikia karatasi angavu juu yake na kuchora mabadiliko hapo. Ukitaka kujua mlango wa jikoni uko wapi, unatazama karatasi ya juu. Kama pale pana mchoro, basi jibu umepata. Kama pako wazi, macho yanapenya hadi ramani ya chini. Ukitaka kurudi kwenye mpango wa mwanzo, unaondoa karatasi.

QEMU husoma vivyo hivyo. Mgeni akiomba klasta fulani, QEMU inatazama jedwali la faili ya juu. Ikiwa klasta hiyo imeshaandikwa tangu snepshoti ichukuliwe, inasomwa hapo. Ikiwa nafasi yake kwenye jedwali ni tupu, QEMU inashuka kwenye faili ya nyuma, inatazama jedwali la huko, na kusoma.

Kuandika kuna kisa kidogo zaidi. Hifadhidata kama PostgreSQL huandika kwa kurasa za kilobaiti 8. Ikitaka kubadili ukurasa mmoja ulioko kwenye faili ya zamani, QEMU haiwezi kuandika kilobaiti 8 peke yake kwenye faili mpya, kwa maana kipimo cha jedwali ni klasta nzima. Inabidi isome kilobaiti zilizobaki za klasta ile kutoka faili ya nyuma, izichanganye na zile mpya, iandike kilobaiti 64 kwenye faili ya juu, kisha isahihishe jedwali. Kazi ya kilobaiti 8 imekuwa ya 64, tena na usomaji juu yake. Habari njema ni kwamba gharama hii hulipwa mara moja tu kwa kila klasta. Ukiandika tena mahali palepale, klasta imeshahamia juu na mambo yanakwenda kama kawaida.

Hapo tuna snepshoti moja, na kwa snepshoti moja gharama hizi hazionekani kwa mtumiaji wa kawaida. Mhasibu hatagundua lolote. Fundi anasasisha programu Ijumaa jioni, anaijaribu Jumamosi, na akiona hifadhidata haifunguki anamzima mgeni, anamrudisha kwenye faili ya zamani, na seva inaamka ikiwa ile ya Ijumaa mchana. Kwa kazi hiyo sijaona chombo kingine kinachoikaribia snepshoti. Kurejesha gigabaiti 200 kutoka kwenye bekapu kungechukua muda mrefu zaidi.

Kuna matumizi mengine mawili yanayostahili. La kwanza ni la wanaofundisha na wanaojaribu: mgeni mmoja safi hukaa chini, na kila mwanafunzi hupewa faili yake ya juu ya kuchezea, ambayo jioni hutupwa. La pili hufanywa na programu za bekapu zenyewe. Programu huchukua snepshoti ili faili ya chini itulie, huinakili ikiwa haibadiliki, halafu huunganisha tena. Mgeni anaendelea kufanya kazi muda wote. Hili la pili tulikumbuke, maana ndilo mara nyingi huacha mabaki.

Neno `--quiesce` kwenye amri ile lina kazi yake. Snepshoti ya diski peke yake haichukui kilichomo kwenye kumbukumbu ya mgeni. Ukirudi kwayo, mgeni ataamka kama mtu aliyekatiwa umeme ghafla wakati ule. Hifadhidata nzuri huvumilia hilo kwa kuwa zina daftari la miamala, ila si programu zote zilizo hivyo. Kwa `--quiesce`, wakala mdogo aliyesakinishwa ndani ya mgeni huambiwa kwanza amwage kwenye diski vyote vilivyokuwa vikisubiri na asimamishe uandishi kwa kitambo kidogo. Wakala huyo asipokuwepo, amri itakataa kwa ujumbe wa kosa, na hapo wengi huondoa neno hilo ili amri ipite. Mimi naona ni afadhali kumsakinisha wakala.

Kurudi nyuma nako kuna bei ambayo si ya kiufundi. Seva ya shule ikirudishwa Ijumaa mchana, karo zote ambazo wazazi wamelipa kwa simu usiku wa Ijumaa na Jumamosi zinafutika kwenye daftari la shule, ingawa fedha zenyewe ziko benki. Snepshoti hairudishi ulimwengu nyuma, inarudisha diski moja tu. Ndiyo maana wenye hekima huifungia mlango seva wakati wa sasisho, wasiruhusu miamala mipya mpaka wahakikishe kwamba hawatarudi.

Sasa tuje kwenye mnyororo. Tuseme sasisho la shule lilifaulu, na fundi akaenda zake bila kuiunganisha faili ya juu na ya chini. Tuseme pia mtu mwingine aliona snepshoti ni kinga nzuri, akaweka hati ndogo ya kuchukua moja kila Jumapili usiku, na hakuandika mstari wa kuzifuta. Baada ya wiki 13 kuna faili 15: ile ya chini na nyingine 14 zilizopandana juu yake, kila moja ikitegemea iliyo chini yake. Programu ya karo ambayo ilikuwa ikifungua orodha ya wanafunzi papo hapo sasa inachukua nusu dakika. Mhasibu analalamika. Shule inanunua kumbukumbu zaidi. Hali haibadiliki.

Tufuate ombi moja tu la kusoma. Mhasibu anafungua kumbukumbu ya mwanafunzi wa kidato cha nne ambayo haijaguswa tangu mwaka jana. Data yake iko kwenye faili ya chini kabisa. QEMU haijui hilo. Inaanza juu: jedwali la faili ya 15 linasema hapana. La 14, hapana. La 13, hapana. Inashuka hivyo hadi chini. Kama majedwali yote yameshapakiwa kwenye kumbukumbu, safari hiyo ni ya haraka na huenda isionekane. Lakini kila faili ina jedwali lake na kashe yake. Jedwali moja la diski hii linaweza kufika megabaiti 25. Majedwali 15, yakijaa yote, yanakaribia megabaiti 375, na hayo ni ya mgeni mmoja tu kati ya wageni labda kumi wanaoishi kwa mwenyeji huyo. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2018, QEMU kwenye Linux inaruhusu kashe ya hadi megabaiti 32 kwa kila faili. Kabla ya hapo ilikuwa megabaiti 1, ambayo kwa klasta za kilobaiti 64 hutosha gigabaiti 8 tu za diski. Wenye seva za zamani zisizosasishwa wanaumia zaidi.

Kipande cha jedwali kisipokuwa kwenye kashe, sharti kisomwe kutoka diskini. Kwa hali mbaya kabisa, ombi la mhasibu linadai kusoma jedwali mara 15, kisha data yenyewe: safari 16 kwenda diskini badala ya mbili. Diski ya sahani inayozunguka huchukua takriban milisekunde 10 kwa kila safari. Milisekunde 20 zimekuwa 160. Hilo ni ombi moja, na orodha ya wanafunzi ni mamia ya maombi. Diski za kielektroniki zisizozunguka hupunguza maumivu sana, ila idadi ya safari ni ileile.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Data iliyokuwa imekaa pamoja, mfululizo, sasa imetawanyika. Programu ikisoma megabaiti moja kwa mkupuo, zamani lilikuwa ombi moja safi. Megabaiti moja ni klasta 16, na kwa kuwa baadhi zilibadilika wiki ya tatu, nyingine ya tisa na nyingine jana, ombi hilo hukatwakatwa na kupelekwa kwenye faili tofauti. Ripoti za mwisho wa mwezi, ambazo husoma sehemu kubwa ya hifadhidata kwa mfululizo, ndizo zinazoonyesha ugonjwa huu mapema kuliko kazi za kila siku.

Na uandishi je? Tulisema gharama ya kuhamisha klasta hulipwa mara moja tu. Lakini kila snepshoti mpya inaanzisha hesabu upya. Jumapili usiku klasta zote zinahesabiwa kuwa za zamani, na Jumatatu asubuhi kila ukurasa wa kilobaiti 8 utakaoguswa kwa mara ya kwanza utabeba klasta yake nzima kwenda juu. Shule hii inalipa gharama ya siku ya kwanza kila wiki. Wahasibu wake wamezoea kusema Jumatatu mtandao huwa mzito. Mtandao hauna kosa.

Halafu kuna nafasi. Wengi hudhani faili za snepshoti ni ndogo na zitabaki ndogo. Kila faili ya juu inaweza kukua mpaka ukubwa wa diski nzima, kwa kuwa klasta moja inaweza kukaa kwenye tabaka la tatu, la tisa na la kumi na nne kwa wakati mmoja, kila moja na toleo lake. Diski ya gigabaiti 200 yenye snepshoti tatu ina haki ya kula 800. Siku hifadhi ya mwenyeji ikijaa, kwa kawaida QEMU humsimamisha mgeni hapo alipo badala ya kumpa kosa la diski. Watumiaji wanaona seva imeganda. Fundi akiandika `virsh domstate hesabu` anajibiwa `paused`, na `virsh domblkerror hesabu` itamwambia kwamba nafasi imekwisha. Wageni wengine wa hifadhi hiyo nao wanaweza kuganda, hata wale wasio na snepshoti yoyote.

Kinachofanya tatizo hili lidumu ni kwamba haliwezi kuonekana kutoka ndani ya mgeni. Mgeni anaona diski moja ya gigabaiti 200, ile ile ya siku zote. Amri ya `iostat -x` ndani yake itaonyesha kwamba kila ombi linasubiri muda mrefu, kwenye safu za `r_await` na `w_await`, ilhali maombi yenyewe si mengi. Kichakato kimekaa bila kazi kikingoja diski. Fundi asiye na njia ya kuingia kwa mwenyeji atailaumu programu, na mwenye programu atailaumu hifadhidata. Dalili nyingine: mgeni akizimwa kabisa na kuwashwa, badala ya kupata nafuu anaanza vibaya zaidi kwa saa ya kwanza, kwa kuwa kashe zote zimeanza tupu.

Jibu liko kwa mwenyeji:

```
virsh domblklist hesabu
qemu-img info -U --backing-chain /var/lib/libvirt/images/hesabu.jumapili13
```

Amri ya kwanza inaonyesha faili ambayo mgeni anaitumia sasa. Jina lake likiwa na neno la snepshoti mwishoni, ujue hauko tena kwenye diski ya asili. Ya pili inaorodhesha mnyororo wote kutoka juu hadi chini, kila faili na ukubwa wake. Herufi `-U` inaruhusu kusoma habari hizo mgeni akiwa anatumia faili. Kwenye VMware utaziona faili zenye namba kama `-000001.vmdk`, na kwenye Hyper-V ambako snepshoti huitwa kwa jina jingine utaona faili za `.avhdx`. Usitegemee orodha ya snepshoti kwenye skrini ya usimamizi peke yake. Programu ya bekapu ikikatika katikati ya kazi inaweza kuacha tabaka ambalo orodha haina habari nalo, lakini mgeni anaandika humo kila siku.

Kuutibu mnyororo ni kuunganisha: kushusha yaliyomo kwenye matabaka ya juu hadi faili ya chini, klasta kwa klasta, toleo jipya likishinda la zamani. QEMU huweza kufanya hivyo mgeni akiendelea na kazi:

```
virsh blockcommit hesabu vda --active --pivot --verbose
```

Hapa `vda` ni jina la diski kama lilivyoonyeshwa na `domblklist`. Bila kutajiwa faili ya kuishia, amri hii hushuka hadi chini kabisa. Asilimia huonekana zikipanda. Mgeni anapoandika wakati huo, maandishi yake hupelekwa chini pia, na pande zote mbili zikilingana anahamishiwa kwenye `hesabu.qcow2` bila kuzimwa. Tukisema matabaka 14 ya shule yana gigabaiti 90 za kushushwa na diski inaandika megabaiti 100 kwa sekunde, ni robo saa ikiwa diski haina kazi nyingine. Kwa kweli ina kazi nyingine, na mgeni atachechemea zaidi wakati wa kuunganisha kuliko hapo kabla. Fanya usiku. Chukua bekapu kamili kwanza. Hakikisha hifadhi ina nafasi, maana faili ya chini nayo huenda ikakua kwa kupokea klasta ambazo haikuwa nazo.

Baada ya hapo `domblklist` itaonyesha `hesabu.qcow2`, na hapo tu ndipo faili za katikati zinaweza kufutwa, pamoja na kumbukumbu zao kwa `virsh snapshot-delete hesabu kabla-ya-sasisho --metadata`, jina moja baada ya jingine. Kufuta faili ya katikati kwa mkono kabla ya kuunganisha ni kuuvunja mnyororo: kila kilicho juu yake kinapoteza maana, kwa kuwa klasta zilizokuwa humo hazipo kwingine. Vivyo hivyo kuiwasha faili ya chini na kuiandikia wakati matabaka ya juu bado yanaitegemea. Faili za juu hazitalalamika, zitasomeka, na zitatoa takataka.

Nisiwaonee wenye mifumo mingine. Si kila snepshoti hujenga mnyororo wa kusoma. Zile za ndani ya faili moja ya qcow2 hunakili ramani na kuhesabu ni nani anayetumia kila kipande, na za mifumo ya hifadhi kama ZFS nazo hazijengi mnyororo huo. Kusoma hali ya sasa huko hakupiti kwenye snepshoti za nyuma, na ndiyo sababu mwenye ZFS anaweza kuweka snepshoti kila saa na asisikie kitu. Nafasi huliwa vilevile, na kuzifuta kuna kazi yake. Kwa hiyo mtu akikuambia yeye ana snepshoti hamsini na seva yake inaruka, muulize kwanza zimekaa wapi.

Kwa wale wa mnyororo, VMware wenyewe wameweka mwongozo ambao naona unafaa kwa yeyote: mnyororo usizidi snepshoti 32 ambazo mfumo unaruhusu, lakini ukitaka kasi ubaki kwenye mbili au tatu, na snepshoti moja isikae zaidi ya saa 72. Siku tatu zinatosha kujua kama sasisho limekubali. Lisipokubali, ulipaswa kurudi siku ya kwanza. Kukaa nayo miezi kwa jina la bekapu ni kujidanganya, kwa sababu faili zote 15 ziko kwenye diski ileile, na diski hiyo ikifa zinakufa pamoja.

Kama una seva ya pepe unayoisimamia, ingia kwa mwenyeji leo, chukua jina la faili uliloonyeshwa na `domblklist`, na uhesabu:

```
qemu-img info -U --backing-chain FAILI | grep -c '^image:'
```

Ukijibiwa 1, huna mnyororo. Ukijibiwa 2, tafuta aliyeichukua snepshoti hiyo na umwulize ataifuta lini. Ikizidi 4, panga usiku wa kuunganisha wiki hii, kabla hifadhi haijajaa na kukupangia yenyewe.